Barua ya interna kwa wazazi kuhusu kuchelewa: nisaidieni kabla prefe hajaisaini

Surveyan_Katuba
Jambo wote. Niko surveyan katika interna moja hapa Lubumbashi, shule ya sekondari, wavulana na wasichana, wote 118. Prefe amenipa kazi ya kuandika barua kwa wazazi kuhusu kuchelewa. Barua za shule huwa tunaziandika kwa Kifaransa, lakini komite ya wazazi iliomba safari hii iwe kwa Kiswahili, maana barua ya mwaka jana wengi waliisaini bila kuisoma. Nimeandika hivi:

> *Kwa wazazi wote. Tumeona kwa masikitiko makubwa kwamba wanafunzi wengi wa interna wanachelewa mara kwa mara bila sababu ya maana. Tabia hii haikubaliki katika shule yenye nidhamu. Tunawaomba wazazi mfuatilie watoto wenu kwa karibu. Yeyote atakayeendelea atachukuliwa hatua kali. Uongozi wa shule.*

Prefe ameisoma, akanirudishia bila neno lolote. Inakosa nini?

Kamalondo_Original
Ndugu, na nyinyi mtuelewe. Mshahara unatoka mwisho wa mwezi, mara nyingine unapita mwisho wa mwezi. Mtu hawezi kulipa minervali tarehe 5 wakati hajalipwa. Mlisema shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, sawa, lakini huku sekondari tunabanwa kila muhula. Badala ya hatua kali, wekeni malipo kwa vipande.

Surveyan_Katuba
Papa, siongelei pesa. Naongelea watoto wenyewe kuchelewa.

Kamalondo_Original
Aa, sawa. Lakini umeona? Barua haisemi wanachelewa wapi. Mimi niliisoma nikajua ni minervali, na wazazi wengine watasoma vilevile.

Mwalimu_Likasi
Huyo Papa amekosea swali lakini amegusa penyewe. Barua yako ni laini. Nimefundisha shule tatu Likasi na kila mahali dawa ilikuwa moja: taja kanuni ya regleman kwa namba yake, kisha punguza alama za konduite kwenye buletini. Mzazi akiona konduite imeshuka, ataamka. Ongeza na faini, kwa mfano franka fulani kwa kila saa moja ya kuchelewa. Na akirudia mara tatu, afukuzwe. Andika haya yote kwenye barua, mtaona.

Prefe_mstaafu
Nimekuwa prefe miaka mingi na barua za namna hii nimeandika nyingi, kwa hiyo nivumilieni nikienda polepole.

Mwalimu ana haki juu ya namba ya kanuni. Mzazi alisaini regleman wakati wa kuandikisha mtoto, na ukimwandikia kanuni ile yenyewe hawezi kusema hakuijua. Kwenye faini simfuati, nitaeleza baadaye kama nafasi itakuwepo.

Lakini kabla ya kanuni kuna swali ambalo surveyan hajalijibu, naye Papa wa Kamalondo ameligusa bila kujua. Mtoto wa interna anachelewa wapi? Mtoto wa kutwa akichelewa, mama yake anaweza kumwamsha mapema. Mtoto wa interna analala kwenu. Kama anachelewa kwenye etude ya asubuhi, au refektua, au mstari wa darasa, mzazi aliye Kolwezi, kilometa mia tatu kutoka hapa, atamfuatilia vipi "kwa karibu"? Unamwomba kitu ambacho amekuachia wewe, na anakulipa kwa ajili hiyo. Atasoma, ataudhika, kisha atakaa kimya. Nadhani prefe wako alirudisha karatasi kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo chukua kaye mbili. Moja ni ya sentineli mlangoni, inayoandika nani ameingia saa ngapi siku ya kurudi kutoka sorti, yaani mapumziko ya kwenda nyumbani. Nyingine ni ya kwenu masurveyan, ya kuchelewa kwa ndani. Usizichanganye. Kwa kila moja tafuta ni nani, siku zipi, saa ngapi. Urudi utuambie. Barua itatoka humo yenyewe.

MamaKasumba
Miye niko mama wa batoto babili ku interna, tunaishi Kasumbalesa. Hii mambo inanihusu kabisa. Shule inasema Jumapili mutoto afike mbele ya 17h00. Sisi tunatoka nyumbani saa sita ya muchana. Kama barabara iko wazi, tunafika mapema, batoto banakula hata beigne mbele ya kuingia. Lakini siku malori ya shaba imejipanga, unakaa pale pale, bisi haisongi, na wewe huna njia ingine. Mwezi moja tulifika giza imeshaingia. Sentineli aliandika "retard" kama vile tulikuwa kwenye harusi. Njo vile nauliza: regleman inajua malori?

Mwalimu_Likasi
Mama, pole sana, lakini kanuni ni kanuni. Mkijua malori yapo, mtoke saa mbili asubuhi.

MamaKasumba
Saa mbili asubuhi ya Jumapili niko kanisani, Mwalimu. Na batoto niko nabaona mara moja ku mwezi.

Surveyan_Katuba
Nimerudi na kaye zote mbili. Mzee Prefe, nakiri sikutegemea nilichokiona.

Kaye ya mlangoni: tangu mwanzo wa mwaka wa shule tumekuwa na sorti nne, watoto wakirudi Jumapili tarehe 6 Oktoba, 3 Novemba, 1 Desemba na 2 Februari. Kuchelewa kulikoandikwa ni 23 kwa jumla. Mimi nilisema "wanafunzi wengi". Kumbe 14 kati ya hizo ni za watoto watano tu: wanne wamechelewa mara tatu kila mmoja, mmoja mara mbili. Zilizobaki 9 ni watoto tisa tofauti, mara moja moja, na sita kati yao ni siku moja, tarehe 1 Desemba, mvua ilipopiga tangu mchana.

Kaye ya ndani: etude ya asubuhi inaanza 6h15. Hapo ndipo kuchelewa kunajaa ukurasa mzima, hasa upande wa wasichana. Nikapanga kwa siku. Karibu zote ziko kwenye siku ambazo umeme ulikatika usiku. Umeme ukikatika, pampu haijazi tangi, na asubuhi wasichana wanapanga foleni na ndoo kwenye robine moja ya uani. Wavulana wananawa uso wanaondoka, ndiyo maana upande wao hauonekani sana.

Prefe_mstaafu
Basi umeshafika. Kaye ya ndani haiendi kwa mzazi hata mstari mmoja. Hiyo ni ripoti yako kwa prefe na kwa ekonomu: pipa za akiba zijazwe jioni umeme ukiwepo, au siku hizo etude isogezwe kidogo. Ukiiweka kwenye barua, mzazi mmoja atauliza kwa nini binti yake anachelewa, binti atamwambia kuna robine moja, na mkutano wa komite utakuwa juu yenu.

Wa mvua ya tarehe 1 Desemba nao waache. Mara moja haina mwenendo. Ukimwandikia mzazi ambaye mtoto wake alichelewa mara moja kwa mvua, siku utakapomwandikia kwa jambo kubwa hataichukua kwa uzito.

Wamebaki watano. Wale 113 wengine hawahitaji barua. Mnaweza kuwakumbusha wote saa ya kurudi kwa mstari mmoja kwenye kikaratasi cha sorti, na inatosha. Barua iende kwa familia tano, kila moja na tarehe zake na saa zake.

Naona wengi hapa hawajali saa, wanadhani "alichelewa" inatosha. Andika saa aliyoingia mlangoni. Nitakueleza kwa nini: nilipokuwa kazini, baba mmoja alikuja amekasirika akiwa na barua mkononi. Akasema, mtoto wangu ninampandisha bisi mwenyewe Likasi saa saba, atafikaje 19h00? Likasi ni kilometa kama mia na ishirini. Tukamwita mtoto. Bisi ilikuwa inafika mapema kila mara. Mtoto alikuwa anashuka mjini, anakwenda kwa marafiki komine ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anakumbuka shule giza likiingia. Baba hangejua kamwe kama barua ingesema tu "anachelewa". Alilinganisha saa yake na saa yetu, na jibu likaonekana.

Ex_interna_2011
Prefe anatoboa siri 😄 Sisi tulikuwa tunafanya hivyo hivyo. Nyumbani unasema "Jumapili tunarudi mapema", shuleni unasema "bisi iliharibika". Pande mbili hazikuwa zinaongea, sisi tuliishi katikati hapo. Kitu kimoja tuliogopa: surveyan ambaye alipiga simu nyumbani mbele yetu kuuliza tulitoka saa ngapi.

Surveyan_Katuba
Katika watano wangu, wawili wanatoka Kasumbalesa na ni ndugu. Mmoja anatoka Kipushi, ambako ni karibu kabisa. Wawili ni wa hapa hapa mjini, mmoja Kampemba, mwingine Ruashi. Wa Ruashi ndiye anaingia 19h05.

MamaKasumba
Hao babili ndugu... nawaza ni bangu. Mbona sikuambiwa?

Surveyan_Katuba
Mama, hapa hatutaji mtu. Lakini ukweli ni kwamba hakuna aliyeambiwa. Tulikuwa tunaandika tu kwenye kaye.

Mwalimu_Likasi
Sasa mnalegeza sana. Barua itakosa meno. Faini mmeikataa bila sababu.

Prefe_mstaafu
Sababu ipo, Mwalimu. Faini inaweka bei. Mzazi mwenye gari akijua saa mbili za Jumapili zinagharimu kiasi fulani, atalipa na kukaa mezani na mwanawe. Mwenye kuuza makala ya kupikia atakopa. Kuchelewa kutabaki, na nyinyi mtakuwa na kaye ya tatu ya wadaiwa. Kama faini haimo kwenye regleman waliyosaini, basi huwezi kuianzisha kwa barua.

Kuhusu konduite: inaruhusiwa, ila jiulize unampunguzia nani. Mtoto wa Ruashi anayezurura, sawa. Mtoto aliyekaa bisini nyuma ya malori, konduite yake ina kosa gani?

Meno ya barua ni hatua moja iliyo wazi. "Hatua kali" haina meno, kila mzazi anaijaza apendavyo: mmoja anafikiri mtoto atafukuzwa, mwingine anafikiri hakuna kitu. Sema nani atafanya nini, kabla ya tarehe gani, na kitakachofuata kama haikufanyika. Kisha kifanyike kweli. Ukitaja hatua ambayo prefe hatathubutu kuitekeleza, usiiandike.

Surveyan_Katuba
Nimeandika upya. Hii ni ya yule wa Ruashi, nimeondoa jina. Mnisomee.

> *Lubumbashi, tarehe 10 Februari 2025*
>
> *Kwa mzazi wa ………, mwaka wa ………*
>
> *Jambo: kurudi interna baada ya saa iliyowekwa*
>
> *Mzazi mheshimiwa,*
>
> *Katika sorti nne za mwaka huu wa shule, mtoto wako amerudi amechelewa mara tatu. Aliingia mlangoni 18h20 tarehe 6 Oktoba, 18h40 tarehe 1 Desemba, na 19h05 tarehe 2 Februari. Tarehe 3 Novemba alifika kwa wakati.*
>
> *Kanuni ya 9 ya regleman ya interna, uliyosaini wakati wa kumwandikisha, inasema kila mwanafunzi awe amerudi Jumapili ya sorti kabla ya 17h00, yaani saa kumi na moja ya jioni. Saa hiyo iliwekwa ili mifuko ikaguliwe, mpishi ajue idadi ya sahani, na mtoto asiwe njiani giza likiingia.*
>
> *Tunakuomba uje uonane na direktere wa nidhamu, au umpigie simu, kabla ya Jumamosi tarehe 22 Februari. Tungependa kujua mtoto anaondoka nyumbani saa ngapi, kwa njia gani, na nani anamsindikiza. Kama kuna shida ya barabara, tutatafuta mpango pamoja na kuuandika.*
>
> *Sorti inayofuata itaisha Jumapili tarehe 2 Machi. Kama siku hiyo atarudi baada ya 17h00, na shule haikupata simu yako kabla ya 15h00, atabaki interna katika sorti itakayofuata.*
>
> *Pokea salamu zetu.*
>
> *Prefe wa masomo*
>
> *Kata hapa na uturudishie: Mimi, mzazi wa ………, nimesoma barua hii. Nitakuja / nitapiga simu tarehe ……… Saini ………*

Kamalondo_Original
Sasa hii naielewa. Hata mimi ambaye sina mtoto huko nimeogopa.

Prefe_mstaafu
Ni barua. Umefanya vizuri kuweka na tarehe aliyofika kwa wakati. Inaonyesha hamkumtafutia makosa, na mzazi atakumbuka siku hiyo alifanya nini tofauti.

Umeandika pia 17h00 pamoja na saa kumi na moja ya jioni. Usiiondoe. Nimeona kikaratasi kilichoandika "saa 11" peke yake, na wazazi wawili wakaleta watoto asubuhi.

Nina marekebisho mawili. Kwanza, barua hii usimpe mtoto wa Ruashi mkononi. Unajua itakapoishia. Mpigie mzazi simu, mwambie kuna barua, mtumie picha yake kwa WatsApu, kisha karatasi imfuate kupitia ofisi. Kipande cha chini kisiporudi ndani ya wiki moja, piga tena. Pili, barua ya Kasumbalesa isiwe nakala ya hii. Tarehe na saa, sawa. Kanuni, sawa. Lakini aya ya mwisho ibadilike, kwa sababu mzazi huyo hawezi kuyaamrisha malori.

Ex_interna_2011
Na simu ya kabla ya 15h00 iwe ya mzazi kwa namba iliyo kwenye fishi ya shule. Sisi tulikuwa na "wajomba" wengi wa kupiga simu.

Surveyan_Katuba
😂 Nimeongeza "kwa namba iliyo kwenye fishi ya mtoto".

Kwa Kasumbalesa nimefikiria njia mbili. Ya kwanza, wapewe ruhusa ya maandishi kuingia hadi 18h30, mradi wapige simu wakikwama. Ya pili, wawe na mlezi hapa mjini, warudi kwake Jumamosi jioni, yeye awalete Jumapili. Prefe wangu anapenda ya pili.

MamaKasumba
Ya pili inanikata siku moja na batoto. Sorti ni siku mbili tu. Wakirudi Jumamosi jioni, tutakuwa tumeonana usiku moja.

Mwalimu_Likasi
Na ya kwanza itawafanya wa Likasi na Kipushi waombe 18h30 pia. Mtaishia na saa tano tofauti, sentineli atashika kichwa.

Prefe_mstaafu
Hapo Mwalimu ana haki, nami sina jibu safi. Katika shule niliyoongoza tulichagua mlezi wa mjini, na kuna familia zilizohamisha watoto kwa sababu hiyo. Wenzangu wa shule nyingine waliruhusu saa ya pili kwa barabara ya Kasumbalesa peke yake, wakaiandika kwenye regleman yenyewe ili isionekane kuwa upendeleo. Nasikia ilishika. Lakini hilo linahitaji komite ya wazazi ikae, na haliwezi kuingia kwenye barua ya wiki hii.

Kamalondo_Original
Swali langu ni lile la adhabu. Mzazi akisahau kupiga simu, mtoto ndiye anabaki interna. Kosa la baba, mtoto analipa?

Mwalimu_Likasi
Ndiyo, kwa sababu mtoto atamkumbusha baba. Hiyo inafanya kazi.

Kamalondo_Original
Kwa mtoto wa miaka kumi na nane, labda. Wa kumi na mbili atamkumbusha nani?

Surveyan_Katuba
Papa, nimempelekea prefe swali lako. Amesema kwa madarasa mawili ya chini mtoto hatanyimwa sorti; mzazi atakuja kumchukua mwenyewe na kumrudisha mwenyewe, mkono kwa mkono, mlangoni. Direktere wa nidhamu hakubali, anasema kanuni mbili zitaleta maneno. Wamefunga mlango, wanaongea.

Barua tatu za hapa karibu zimeshasainiwa, nimeshapiga simu zote tatu. Mzazi wa Ruashi alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nirudie ile 19h05. Anasema yeye alimwachia mtoto pale stendi 15h30.

Za Kasumbalesa bado ziko mezani. Mama, kesho nitakupigia mwenyewe kwa namba ya fishi. Uwe na saa ulizotoka nyumbani tarehe hizo kama unazikumbuka, na kama kuna tiketi za bisi, usizitupe.

MamaKasumba
Tiketi niko nazo zote. Piga kisha ya saa nane, asubuhi niko soko.